Faida Iliyolala Ghalani

Ndugu wajumbe wa bodi, maafisa mikopo na wahasibu wenzangu, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie hesabu za viwanda, na mratibu amenisihi nisiwachoshe, kwa hiyo nitashika jambo moja tu. Kiwanda kinaweza kuuza idadi ileile ya mwaka jana, kwa bei ileile, kikinunua malighafi kwa bei ileile, na bado taarifa yake ya faida na hasara ikaonyesha faida mara tano. Hakuna risiti ya kughushi wala mauzo hewa, na mkaguzi anasaini. Kilichoongezeka ni mzigo ghalani.

Tuchukue kiwanda cha sabuni za mche. Ni cha kubuni, nimekitengeneza ili hesabu ziingie kichwani bila kikokotoo, lakini wengi wenu mtakitambua. Kila katoni inauzwa shilingi 22,000. Mawese, kostiki soda, vifungashio na umeme wa mitambo vinakula shilingi 14,000 kwa katoni. Hizo ndizo gharama zinazobadilika: ukipika katoni moja zaidi unazilipa, usipoipika huzilipi. Halafu kuna gharama zisizobadilika za kiwanda: pango la jengo, uchakavu wa mitambo, bima, mishahara ya wasimamizi na mafundi wa kudumu. Hizo ni milioni 600 kwa mwaka, upike usipike. Ofisi ya utawala na idara ya mauzo nazo zinachukua milioni 150.

Mwaka wa kwanza kiwanda kimepika katoni 100,000 na kuziuza zote. Mhasibu anagawa milioni 600 kwa katoni 100,000, kila katoni inabeba shilingi 6,000. Ukijumlisha na zile 14,000, gharama kamili ya katoni ni 20,000. Faida ghafi ni shilingi 2,000 kwa katoni, yaani milioni 200 kwa mwaka. Toa milioni 150 za ofisi na mauzo, inabaki faida ya milioni 50. Si faida ya kupigiwa ngoma, lakini ni faida.

Mwaka wa pili anakuja meneja mpya. Soko halijakua, wateja wananunua katoni zilezile 100,000. Yeye anaongeza zamu ya usiku na kupika katoni 150,000. Mhasibu anarudi kwenye hesabu yake: milioni 600 gawa kwa 150,000 ni shilingi 4,000 kwa katoni. Gharama kamili imeshuka kutoka 20,000 hadi 18,000. Katoni 100,000 zilizouzwa sasa zinaleta faida ghafi ya shilingi 4,000 kila moja, jumla milioni 400. Toa milioni 150. Faida ni milioni 250.

Kutoka 50 hadi 250! Bodi inapiga makofi. Meneja, ambaye mkataba wake unampa asilimia 10 ya faida, anachukua bonasi ya milioni 25 badala ya 5. Na kwenye kikao atasema, kwa uso mkavu kabisa, kwamba ameshusha gharama ya uzalishaji kwa katoni. Wala hasemi uongo: shilingi 2,000 zimeshuka kweli.

Sasa tuulize hizo milioni 200 zimetoka wapi. Hazikutoka kwa mteja, maana mteja hakununua hata mche mmoja zaidi. Hazikutoka kwenye ubanaji wa matumizi, maana pango, bima na mishahara vimebaki milioni 600. Zimetoka ghalani. Katoni 50,000 ambazo hazijauzwa zimelala huko, na kila moja imebeba shilingi 4,000 za pango, uchakavu na mishahara ya mwaka huu. Mara 50,000, hizo ni milioni 200 kamili. Chini ya njia hii ya kubebesha bidhaa gharama zote za kiwanda, gharama iliyobebwa na katoni isiyouzwa haiingii kwenye taarifa ya faida na hasara ya mwaka huu. Inakwenda kwenye mizania na kuitwa mali, ikisubiri siku katoni itakapouzwa. Pango limelipwa mwaka huu, fedha zimetoka benki, mwenye nyumba amesaini kupokea, lakini kwenye vitabu theluthi moja yake ni mali iliyopo ghalani.

Ukihesabu kwa njia ya pili, ile inayoipa katoni gharama zinazobadilika pekee na kuziacha gharama zisizobadilika zote ziangukie mwaka uliozilipa, mchezo huu haupo. Kila katoni iliyouzwa inaacha 22,000 toa 14,000, yaani 8,000. Katoni 100,000 zinaacha milioni 800. Toa 600, toa 150, inabaki 50. Mwaka wa kwanza 50, mwaka wa pili 50. Ukipika zaidi bila kuuza, faida haisogei. Njia hii ilipata mtetezi wake wa mwanzo kwenye makala ya Mmarekani Jonathan Harris mwaka 1936, iliyotoka kwenye jarida la chama cha wahasibu wa gharama wa huko, na swali lililomsukuma ni lile mnalolijua: kwa nini mwezi tuliouza zaidi tumeonyesha faida ndogo kuliko mwezi tuliouza kidogo? Jibu lilikuwa kwamba faida ilikuwa inafuata mitambo badala ya kufuata wateja.

Tuendelee na kiwanda chetu, maana mwaka wa tatu ndio wenye mafunzo. Ghala limejaa, benki imeanza kuuliza maswali, na meneja wetu amehamia kampuni nyingine akiwa na sifa zake. Aliyerithi kiti anauza katoni 100,000 kama kawaida, lakini anapika 50,000 tu ili amalize akiba. Katoni 50,000 za zamani zinatoka ghalani kwa 18,000 kila moja, hizo ni milioni 900. Katoni 50,000 mpya zinabeba gharama zinazobadilika milioni 700 pamoja na milioni 600 za mwaka huu, jumla milioni 1,300. Ukizijumlisha unapata milioni 2,200, ambazo ni sawasawa na mauzo ya mwaka mzima. Faida ghafi ni sifuri. Toa gharama za ofisi, na mrithi wa watu anawasilisha hasara ya milioni 150.

Angalieni miaka mitatu kwa pamoja: 50, halafu 250, halafu hasara ya 150. Jumla ni 150, sawa na 50 mara tatu. Kiwanda hiki hakikuwahi kuwa bora wala kibaya zaidi ya mwaka wake wa kwanza. Ila meneja mmoja kapewa bonasi na mwingine pengine kafukuzwa, na wote wawili walikuwa wanauza sabuni zilezile kwa watu walewale. Mimi humhurumia huyu wa pili, kwa sababu alichofanya ndicho bodi ilipaswa kumwomba afanye.

Na hapo bado sijagusa fedha taslimu. Mwaka wa pili kiwanda kimekusanya milioni 2,200 kutoka kwa wateja, tukichukulia wote wanalipa papo kwa papo. Kimetoa milioni 2,100 za malighafi na umeme kwa katoni 150,000, milioni 600 za kiwanda na milioni 150 za ofisi. Uchakavu hautoki benki, lakini tukiuhesabu humo kwa urahisi, kiwanda kimepungukiwa milioni 650 katika mwaka ule ule uliotangaza faida ya milioni 250. Pengo hilo limezibwa na ovadrafti. Tuseme stoki ilijengeka polepole mwaka mzima: wastani wa fedha za malighafi zilizofungwa ghalani ni milioni 350, na kwa riba ya asilimia 16 hizo ni milioni 56 za kulipa benki, ambazo katika hesabu yangu ya juu sikuziingiza. Kodi ya mapato ya kampuni, Tanzania na Kenya, ni asilimia 30. Kama hesabu za kodi zimefuata thamani hiyohiyo ya stoki, zile milioni 200 za ziada zimeita milioni 60 za kodi kabla sabuni haijauzwa. Kampuni inakopa ili ilipie kodi ya faida ambayo bado imo ndani ya maboksi.

Tena sabuni ni bidhaa inayokaa. Hata hivyo inakauka na kupungua uzito, na mche uliosimama miezi minane hauvutii dukani kama uliotoka juzi. Ukiweka rangi za nyumba, biskuti au dawa mahali pa sabuni, muda unakuwa adui mkali zaidi.

Sasa, wahasibu mlioko hapa mmeshaanza kutikisa vichwa. Mnataka kuniambia kwamba kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa stoki, IAS 2, kinadhibiti jambo hili. Kinadhibiti upande mmoja. Kenya inatumia viwango vya kimataifa tangu 1999 na Tanzania tangu 2004, na vyote vinataka bidhaa ibebe sehemu yake ya gharama zisizobadilika za uzalishaji. Kwa hiyo njia ya pili niliyoisifu hairuhusiwi kwenye hesabu zinazotolewa kwa wenye hisa. Ni ya matumizi ya ndani. IAS 2 inasema mgawanyo ufuate kiwango cha kawaida cha uzalishaji, yaani kile ambacho kiwanda hutarajiwa kufikia kwa wastani katika vipindi au misimu kadhaa. Mitambo ikilala, gharama ya kulala kwake haipandishwi juu ya bidhaa chache zilizotoka. Inaangukia mwaka uleule. Na uzalishaji ukizidi isivyo kawaida, gharama zisizobadilika zinazobebwa na kila bidhaa lazima zishushwe ili stoki isithaminiwe juu ya gharama iliyotumika kweli.

Rudini kwenye mfano wetu mwone. Kiwango cha kawaida cha uzalishaji ni katoni 100,000. Meneja amepika 150,000, kanuni inataka gharama inayobebwa na kila katoni ishushwe, na sisi tumeishusha hadi 4,000. Tumetii kila neno, na faida bado imepanda kwa milioni 200. Kanuni hii imezuia kosa kubwa zaidi: kuacha kila katoni ibebe 6,000 za zamani. Pangefanyika hivyo, katoni 150,000 zingebeba milioni 900 wakati zilizotumika ni 600, zile 300 za ziada zingerudishwa kwenye faida na hasara kama punguzo la gharama, na faida ingesomeka milioni 350. Wakaguzi, hilo ndilo la kulisaka kwenye viwanda vinavyotumia viwango vya gharama vilivyopangwa mwanzoni mwa mwaka. Tafuteni akaunti ya gharama zilizobebeshwa kupita kiasi, mwulize salio lake limeondolewa kwenda wapi. Likiwa limekwenda lote kwenye faida huku ghala limejaa, sehemu yake ilipaswa kupunguza thamani ya stoki.

Kinga nyingine ya IAS 2 ni kwamba stoki isithaminiwe zaidi ya kiasi inachoweza kuleta sokoni baada ya kutoa gharama za kuiuza. Kinga hii ni nzuri, lakini huchelewa kuamka. Katoni imeandikwa 18,000 na bei ni 22,000. Hata ukitoa usafiri na kamisheni, thamani bado inasimama. Itaanguka siku kampuni itakapolazimika kushusha bei ili isafishe ghala. Bei ikifika 16,000 na usafirishaji ukala 500, kila katoni inapoteza 2,500, na milioni 125 zinafutwa kwa mkupuo. Kwa hiyo mkaguzi asiishie kuangalia bei ya Desemba. Aangalie ankara za Januari na Februari, mzigo ulitoka kwa bei gani.

Mkiona huu ni ugonjwa wa viwanda vidogo, kumbukeni Chrysler ya Detroit. Katika miaka ya 1960 na 1970 kampuni hiyo ilikuwa inaunda magari ambayo hakuna wakala aliyeyaagiza, ili mitambo isisimame na malengo ya uzalishaji yatimie. Magari yakaegeshwa kwenye viwanja vya wazi kuzunguka jiji, pamoja na viwanja vya maonyesho vya jimbo la Michigan, yakipigwa na mvua na theluji. Mwisho wa robo mwaka ukifika, maofisa walishika simu na kuwabembeleza mawakala wayachukue kwa punguzo. Mawakala si wajinga: wakajifunza kutoagiza kitu mapema, wakisubiri simu ya mwisho wa robo. Lee Iacocca alipoingia kwenye uongozi wake Novemba 1978 alikuta utaratibu huo umekuwa tabia, akauona ni moja ya mambo ya kwanza ya kukomeshwa. Ukweli ni kwamba Chrysler ilikuwa na maradhi mengi, na stoki pekee haikuiangusha. Lakini Januari 1980 serikali ya Marekani ilipoidhinisha dhamana ya mikopo ya dola bilioni 1.5 kuiokoa, fedha zilizokuwa zimefungwa kwenye magari yasiyo na mnunuzi zilikuwa sehemu ya habari.

Afisa mkopo akiletewa vitabu vya mwaka wa pili vya kiwanda chetu, ataujuaje mchezo? Hahitaji kuingia ndani. Aanze na faida ghafi kama asilimia ya mauzo. Mwaka wa kwanza ilikuwa asilimia 9, mwaka wa pili ni 18. Bei haikupanda, mawese hayakushuka. Margini inayoongezeka maradufu bila sababu sokoni inadai maelezo, na maelezo ya "tumeongeza ufanisi" hayatoshi mpaka aonyeshwe matumizi yaliyopungua kwa shilingi. Kisha atazame stoki ya bidhaa zilizokamilika. Kanuni inalazimisha ionyeshwe peke yake, mbali na malighafi. Milioni 900 za stoki dhidi ya gharama ya mauzo ya milioni 1,800 kwa mwaka ni mzigo wa miezi sita. Mwaka uliotangulia ghala lilikuwa tupu. Halafu afungue taarifa ya mtiririko wa fedha aone faida ya 250 ikigeuka kuwa upungufu wa 650.

Akitaka kusahihisha mwenyewe, hesabu ni ya mstari mmoja. Aombe idadi ya bidhaa ghalani mwanzo na mwisho wa mwaka, na kiasi cha gharama zisizobadilika ambacho kila bidhaa imebeba. Pale ambapo kiwango cha mwanzo na cha mwisho hakitofautiani sana, au ghala lilianza tupu kama letu, ongezeko la bidhaa mara kiwango hicho ndiyo faida iliyotokana na kupika bila kuuza. Hapa ni 50,000 mara 4,000. Ghala likianza na mzigo wenye kiwango tofauti, achukue jumla ya gharama zisizobadilika zilizomo kwenye stoki ya mwisho, atoe zilizomo kwenye stoki ya mwanzo. Menejimenti ikisema haiwezi kutoa takwimu hiyo, ajue kwamba mhasibu wa gharama anayo, maana bila hiyo asingeweza kuithamini stoki.

Nisieleweke kwamba kila ghala lililojaa ni hila. Viwanda vya sukari vya Kilombero na TPC husimama wakati wa masika ili mitambo ikarabatiwe, na sukari inayouzwa kipindi hicho lazima iwe imezalishwa kabla. Kiwanda kinachopanga kubadilisha boila kwa miezi miwili kitarundika mzigo, na kitakuwa na akili timamu. Tofauti hujulikana kwa karatasi: stoki halali ina mpango uliotangulia, wenye tarehe na makadirio ya mauzo, na katoni zinaanza kupungua pale mpango ulipoahidi. Stoki ya mchezo hukosa mpango, na mara nyingi uzalishaji wake hupanda katika miezi miwili mitatu ya mwisho wa mwaka wa hesabu. Ombeni uzalishaji wa kila mwezi na mauzo ya kila mwezi, muuweke mmoja kando ya mwingine.

Kwenu wajumbe wa bodi, tatizo mara nyingi mmeliandika wenyewe kwenye mkataba wa meneja. Mkimlipa kwa faida ya vitabu mnamlipa apike. Hata mtu mwaminifu ataona kwamba zamu ya usiku inampendeza kila mtu. Mlipeni kwa faida inayohesabiwa kwa gharama zinazobadilika, au mkate riba ya fedha zilizofungwa ghalani kabla ya kukokotoa bonasi. Kwa kiwanda chetu njia ya kwanza ingemwachia milioni 5 zilezile, na sidhani kama angeajiri zamu ya usiku.

Na kwenu maafisa mikopo, msiishie kwenye sharti la faida. Wekeni kikomo cha bidhaa zilizokamilika, na kikomo hicho kiandikwe kwa idadi ya katoni au kwa siku za mauzo zilizohesabiwa kwa katoni. Mkikiandika kwa shilingi, kumbukeni kwamba katoni ileile ilishuka kutoka 20,000 hadi 18,000 kwa sababu ya kupika zaidi. Kadiri ghala linavyojaa, kila katoni inasomeka nafuu, na kikomo cha shilingi kinazidi kuwa kipana siku hizohizo ambazo mngetaka kibane.